Tufe la Bolingi Linapoacha Kuteleza

Mchezaji wa bolingi akiliachia tufe bila kulizungusha, huanza kwa kuteleza tu, halibingiriki. Msuguano wa sakafu hulivuta nyuma kwa upande wa chini, ukilipunguzia kasi na papo hapo ukilianzisha kuzunguka. Hufika mahali ambapo sehemu inayogusa sakafu haitelezi tena, na hapo mbingiriko kamili huanza. Je, kwa kasi gani?

Wengi hukimbilia kuhesabu nguvu ya msuguano na muda wake. Hakuna haja. Chagua nukta moja juu ya sakafu, kwenye mstari ambao tufe linaupita, kisha pima momenta ya mzunguko kutoka hapo. Msuguano unapita kwenye mstari huohuo, kwa hiyo hauwezi kuzungusha chochote kuizunguka nukta hiyo. Uzito wa tufe nao unasawazishwa na sakafu inayolibeba. Momenta ya mzunguko basi haibadiliki. Ukipima kutoka katikati ya tufe mambo huharibika, kwani huko msuguano unazungusha, na ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Mwanzoni momenta hiyo ni MvR, ambapo M ni masi, v kasi ya kuachia na R nusu kipenyo. Mwishoni kuna sehemu mbili: MuR ya kusonga mbele kwa kasi mpya u, na ya kujizungusha, ambayo kwa tufe lililojaa sawasawa ni 2/5 ya MuR. Kwa hiyo:

MvR = 7/5 MuR, yaani u = 5/7 v

Masi imejifuta, nusu kipenyo vilevile, na msuguano haukutajwa kabisa. Tufe lililoachiwa kwa mita 8 kwa sekunde litabingirika kwa mita 5.7, sakafu iwe kavu au ya mafuta.

Msuguano huamua jambo jingine: ni wapi hayo yatatokea. Njia ya bolingi ina mita 18.29 hadi pini ya kwanza, na sehemu yake ya mwanzo hupakwa mafuta. Tuchukue mita 12 za mafuta zenye kizio cha msuguano 0.04, kisha ukavu wa 0.2. Kwenye mafuta tufe letu hushuka hadi mita 7.4 kwa sekunde tu, likiendelea kuteleza. Likigusa ukavu, huhitaji mita 5.6 zaidi kufikia 5.7. Jumla ni mita 17.6, kwa hiyo linaanza kubingirika karibu kabisa na pini. Mafuta yangefika mwisho, lingezigonga pini likiwa bado linateleza, na 5/7 yetu isingeonekana.

Wachezaji hodari huachia tufe likiwa tayari linazunguka. Kama linazunguka kuelekea mbele, u = (5v + 2Rω)/7, ambapo ω ni kasi ya mzunguko wakati wa kuachia. Mzunguko wa pembeni, ule unaolipinda tufe, unahitaji hesabu nyingine, na matufe ya mashindano yana kiini kizito ndani, hivyo ile 2/5 nayo hubadilika kidogo.