Kilo 50 Zinapovuta Kama Tani Nne na Nusu

Chukua nondo laini ya milimita 16, urefu wa mita 2, ining'inie kwenye boriti imara. Ncha yake ya chini imechomelewa kisahani. Juu ya kisahani weka taratibu pande la chuma la kilo 50, lililotobolewa katikati ili nondo ipite. Nondo itarefuka milimita 0.024 tu, na kila milimita ya mraba ya chuma itabeba nyutoni 2.4 hivi. Chuma cha kawaida hustahimili takriban nyutoni 250 kabla ya kuanza kurefuka bila kurudi. Hapo hakuna wa kuogopa.

Sasa linyanyue pande lilelile sentimita 10, uliachie. Likigonga kisahani, nishati yote ya kuanguka lazima imezwe na nondo, na nondo haina njia ya kuimeza ila kurefuka. Kwa kuwa ni ngumu na hurefuka kidogo mno, nguvu inayolisimamisha pande hupanda sana. Wahandisi hupima ongezeko hilo kwa kanuni hii:

1 + √(1 + 2h/δ)

Hapa h ni kimo cha kuanguka, na δ ni urefu ambao nondo ingeongezeka kama mzigo ungewekwa taratibu. Weka milimita 100 na 0.024: jibu linakaribia 92. Kilo 50 zimevuta kama tani nne na nusu, na mkazo umefika nyutoni 223 kwa milimita ya mraba, karibu kabisa na ukomo.

Tazama pia h ikiwa sifuri, yaani pande limegusa kisahani na mkono ukaliachia ghafla. Jibu ni 2. Hata bila kuanguka, mzigo umejizidisha mara mbili, kwa sababu unapofika pale ambapo ungetulia bado una mwendo, nao hupitiliza.

Wengi wangekimbilia kuongeza unene. Lakini ukiirefusha nondo hiyohiyo hadi mita 4, mkazo hushuka hadi nyutoni 159 hivi, maana chuma cha kugawana nishati ni kingi zaidi. Kunenepesha sehemu moja tu hudhuru: sehemu nene hurefuka kidogo, na sehemu nyembamba huachiwa kazi kubwa zaidi. Ndiyo maana shina la bolti inayopokea vishindo huweza kupunguzwa kwa makusudi hadi unene wa mzizi wa nyuzi zake, ili lote lirefuke pamoja badala ya nyuzi peke yake.

Kanuni hii ina mipaka. Haihesabu uzito wa nondo wala nishati inayopotea kwa mlio, joto na boriti kunepa, kwa hiyo mara nyingi jibu lake huzidi hali halisi. Mkazo ukivuka ukomo, haifai tena.

Bolti ikishapigwa kishindo kikubwa, ifungue uipime. Ikiwa imerefuka, au nati inakwama kwenye nyuzi zilizokuwa zikiipitisha, usiirudishe kazini.