Bwawa Linaposema "Hayupo"

Nchini Uingereza, salamanda mkubwa mwenye kishungi analindwa na sheria, hivyo mjenzi hutaka kujua kama yumo bwawani. Kati ya Aprili 15 na Juni 30, mpimaji huchota maji sehemu 20 kandokando ya bwawa, huyachanganya, kisha huyagawa katika vichupa 6 vyenye ethanoli. Maabara hutafuta humo vinasaba vilivyoachwa na ngozi, ute na kinyesi chake, na hurudia kipimo mara 12. Kimoja tu kikiitika, jibu ni "yupo".

Sifuri kwa 12 ndiyo yenye mtego.

Maji yenye mwani au matope huweza kuzuia kipimo kisifanye kazi. Kwa hiyo maabara hujaribu sampuli kwa vinasaba inavyovifahamu. Navyo visipoonekana, jibu sahihi ni "haijulikani". Lakini hakuna kemikali inayofichua uchotaji mbovu. Vinasaba havisambai sawasawa, na huoza ndani ya wiki chache. Katika majaribio ya mwaka 2013, kwenye mabwawa yenye salamanda hao, sampuli za wataalamu ziliwabaini takriban mara 99 kwa 100. Za watu wa kujitolea, karibu 91. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini sifuri, mtu aulize: ni upande gani wa bwawa haukufikiwa?