"Picha Inaonekana?": Swali Fupi na Jawabu Lake la Kwanza

Katika mazungumzo yaendeshwayo kwa maandishi ya simu ya mkononi, lipo swali moja ambalo huulizwa mara nyingi kuliko linavyofikiriwa. Mtu hutuma picha, hungoja kidogo, kisha huandika maneno mawili tu: "Picha inaonekana?" Hasemi picha ni ya nini, wala hasemi anataka afanyiwe nini. Katika wilaya za zamani za Meru na Embu, ambazo leo ni kaunti, swali hili huwafikia sana maafisa wa kilimo, kwa kuwa mashamba yametawanyika katika miteremko ya Mlima Kenya na mkulima hawezi kumngoja afisa afike shambani kila jani linapobadilika rangi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi swali hilo linavyofanya kazi katika lugha ya Kiswahili, na jawabu la kwanza lililo jema linavyopaswa kuwa.

Kwa sura yake, swali hilo ni la ndiyo au siyo. Kwa kazi yake, lakini, linakaribiana na hodi. Abishaye hodi hataki kujua kama mlangoni panasikika. Anatafuta njia ya kuingia. Mwanasosholojia wa Marekani, Emanuel Schegloff, katika uchunguzi wake wa mwaka 1968 kuhusu mianzo ya mazungumzo ya simu, alionyesha kwamba mwito na itikio ni jozi, na kwamba aliyeita, akishaitikiwa, ndiye anayetazamiwa kuendelea na neno lake. Hivyo ndivyo ilivyo hodi: mwenyeji husema "karibu", na mgeni huingia kwa miguu yake mwenyewe.

Hapa ndipo swali la picha linapotofautiana na hodi. Aliyetuma picha hujiona amekwisha kusema neno lake, maana neno lake lilikuwa ndani ya picha. Naye aliyepokea hujiona amekwisha kujibu, maana aliulizwa kama inaonekana naye akasema "Ndiyo". Kila mmoja humngoja mwenzake. Kimya cha namna hiyo chaweza kudumu siku mbili bila ya mtu yeyote kukosa adabu, na katika siku mbili hizo madoa ya jani huzidi kuenea. Kwa hiyo jawabu la neno moja, ingawa ni sahihi kisarufi, humfungulia mgeni mlango bila ya kumwonyesha pa kukaa.

Sababu ya pili imo katika kitenzi chenyewe. Mzizi -on-, ambao Kiswahili hushirikiana na Kimeru, Kiembu na lugha nyingine nyingi za Kibantu, umenyambuliwa hapa na kuwa -onekana, kama vile -pata kulivyozaa -patikana, na -jua kulivyozaa -julikana. Vitenzi vya namna hii hutaja hali ya kitu na kumficha mtenda. Asemaye "inaonekana" hasemi inaonekana na nani, wala kwa kiasi gani. Zaidi ya hayo, neno hilo hilo hutumika kwa dhana isiyo na hakika: "Inaonekana mvua itanyesha." Basi afisa aandikapo "Inaonekana ni kutu", yeye huenda amekusudia "yaelekea", lakini mkulima, ambaye dakika moja iliyopita alitumia kitenzi hicho kwa maana ya kuonekana kwa macho, husoma kwamba kutu imeonwa. Neno moja limevuka kutoka ushahidi hadi dhana bila ya kubisha. Ni heri afisa atumie "naona" kwa lile aliloliona, na "nadhani" au "huenda" kwa lile analolikisia. Kiambishi na- humrudisha mtazamaji katika sentensi, na mkulima akajua ni nani aliyeona na ameona nini.

Hata idadi yahitaji uangalifu. Jina "picha" halibadiliki katika wingi, na katika Kiswahili kinachosemwa bara upatanisho wa "inaonekana" hutumika aghalabu hata kwa picha tatu. Mtu aliyetuma picha tatu, mbili zikafika na moja ikakwama kwa udhaifu wa mtandao, huuliza kwa maneno yale yale. Afisa akijibu "Ndiyo, inaonekana", huwa ameithibitisha picha ambayo hajapata kuiona. Jawabu jema huhesabu: "Picha mbili zimefika."

Jawabu likiwa ni la kukana, ugumu huzidi. "Haionekani" peke yake huweza kuwa na maana tatu, na kila moja ina dawa yake. Huenda picha haijafika. Hapo mtumaji ndiye wa kuituma tena. Huenda imefika ila haijafunguka. Katika WhatsApp, kwa mfano, mpokeaji asiyeruhusu picha kujipakua zenyewe huona kivuli chenye ukungu na alama ya mshale, na kazi ya kuibonyeza ni yake yeye, si ya mtumaji. Au huenda imefunguka lakini haisomeki, kwa kuwa mkono ulitikisika au jua lilikuwa nyuma ya jani. Hapo hapana faida ya kutuma picha ile ile, bali sharti ipigwe nyingine. Mkulima aambiwapo "haionekani" bila ya maelezo, huituma picha ile ile mara ya pili na ya tatu, akimaliza salio lake bure. Wala tiki mbili zilizogeuka samawati hazimsaidii kupambanua, kwani huonyesha tu kwamba mazungumzo yamefunguliwa, si kwamba picha imepakuliwa na kutazamwa. Kiswahili kinavyo vitenzi vitatu vilivyo tayari kwa kazi hii: haijafika, haijafunguka, haisomeki. Ni ajabu kidogo kwamba watu hukiacha kimoja kibebe mizigo ya vyote.

Na uchukuliwe sasa mfano uliotungwa, ila wa namna itokeayo. Mama mmoja mwenye shamba dogo la kahawa upande wa Manyatta, Embu, ameona madoa katika majani. Kahawa ni zao la siku nyingi huko. Ni katika miaka ya 1930 Waafrika wa Meru, Embu na Kisii walipoanza kuruhusiwa kuilima, wakati ambapo mahali pengine katika Kenya ilikuwa ya walowezi tu. Mama huyo anapiga picha ya tawi kutoka juu, saa sita mchana, na kuandika: "Habari ya leo, afisa. Picha inaonekana?"

Afisa anaiona picha vizuri. Lakini aonacho ni upande wa juu wa majani, wenye madoa ya manjano, mengine yakiwa yamegeuka hudhurungi katikati. Madoa hayo huenda ni ya kutu ya majani, ugonjwa uletwao na kuvu. Huenda pia ni ya kiwavi mdogo aishiye ndani ya jani, akila nyama iliyo kati ya ngozi ya juu na ya chini, na kuacha mabaka makavu ya hudhurungi. Kutoka juu, doa la kutu lililozeeka na baka la kiwavi huweza kufanana. Tofauti haiko katika picha hii hata kidogo, hata kama ingekuwa safi namna gani. Iko chini ya jani: kutu huwa na unga wa rangi ya machungwa ambao hushika kidole ukipanguswa, ilhali baka la kiwavi halina unga, na likikunjwa ngozi yake ya juu hupasuka na kiwavi mwenyewe hupatikana ndani. Dawa za shaba zinyunyizwazo dhidi ya kutu hazimuui kiwavi. Akikosea, mama atakuwa amenunua dawa na kulipa kibarua wa kunyunyiza, na majani yakaendelea kupukutika. Na mkahawa uliopoteza majani huwa haubebi vema msimu unaofuata.

Kwa hiyo "Ndiyo" ya afisa ni ya kweli na wakati huo huo yapotosha, kwa maana mama ataielewa kuwa picha yake imetosha. Jawabu lifuatalo lingefaa zaidi:

"Njema, Mama. Ndiyo, picha moja imefika na naiona vizuri. Naona tawi la kahawa lenye majani sita, na matatu yana madoa ya manjano na hudhurungi. Upande wa chini wa majani siuoni. Tafadhali geuza jani moja lenye madoa, ulipige picha ukiwa kivulini, kisha upanguse doa kwa kidole uniambie kama kuna unga na ni wa rangi gani. Na hiyo kahawa ni SL 28 ama Ruiru 11? Usinunue dawa kwanza."

Jawabu hili limeanza na lile lililoulizwa. Utaratibu huu si jambo la heshima tu. Mtu aliyeuliza kama anaonekana hawezi kusikiliza lolote jingine kabla ya kujibiwa hilo. Kisha limetaja kilichoonwa kwa maneno ya mwonaji. Kama mama alituma kwa bahati mbaya picha ya mti mwingine, au ya mwaka jana, hapa ndipo atakapogundua, jambo ambalo "Ndiyo" lisingeweza kumfunulia kamwe. Kisha limetaja kisichoonwa, na kutoka katika pengo hilo ombi limezaliwa lenyewe, hata halisikiki kama lawama juu ya picha ya kwanza. Ombi limewekwa pamoja, ili mama aende shambani mara moja tu. Swali la aina ya mkahawa nalo lina sababu: Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, huistahimili kutu, na SL 28 hushambuliwa nayo kwa wepesi. Akisema ni Ruiru 11, shaka ya kutu hupungua, ingawa haiishi.

Lipo pia lile ambalo jawabu halikusema. Halikutaja jina la ugonjwa. Afisa mzoefu hushawishika kulitaja, na mara nyingi huwa amekisia sawa. Lakini jina likishaandikwa na afisa hubebwa moja kwa moja hadi duka la dawa, na picha ya pili haipigwi tena.

Jioni ile mama anaandika: "Kuna unga wa rangi ya machungwa, umeshika kidole. Ni SL 28." Picha inafuata, ya jani lililogeuzwa, na safari hii haulizi kama inaonekana. Afisa sasa anaweza kuandika "ni kutu" bila ya -onekana, kisha akamwuliza ni miti mingapi iliyoshikwa na kama majani yameanza kuanguka.