Siku ya thelathini na moja

Mikataba mingi ya bima ya maisha ina ibara fupi ambayo mwenye bima huisoma mara moja siku ya kutia saini, kisha haisomi tena. Inasema kwamba ada ikiiva na isilipwe, kampuni itasubiri siku thelathini. Mawakala huziita siku za neema. Katika siku hizo bima inaendelea kuwa hai kana kwamba ada imelipwa, na siku hizo zikipita bila malipo, bima inakoma. Maneno ni machache na yanaeleweka. Lakini familia zinazofika kudai mafao na kuambiwa kwamba bima ilishakufa, mara nyingi ni za watu walioamini wanalipa vizuri. Hawakukaidi wala hawakukata tamaa na bima yao. Walikosea kuhesabu.

Nitaeleza hesabu hiyo kwa mfano wa fundi cherehani wa Morogoro, mama wa watoto watatu. Ana bima ya maisha ya shilingi 12,000,000, na ada yake ni shilingi 40,000 inayoiva kila tarehe 1 ya mwezi. Analipa kwa simu. Kila akilipa anaandika tarehe kwenye daftari lilelile anamoandikia vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho, na ujumbe wa muamala haufuti.

Februari 2025 ada za shule zilimbana, akaruka malipo ya bima. Ada iliiva tarehe 1 Februari. Siku ya ada kuiva kwa kawaida haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ya neema ni tarehe 2. Februari ya mwaka huo ilikuwa na siku 28, hivyo tarehe 28 ilikuwa siku ya ishirini na saba, na siku ya thelathini ikaangukia tarehe 3 Machi. Hapa wengi hukosea, kwa sababu hudhani siku thelathini ni sawa na mwezi mmoja. Mkataba unaosema siku thelathini unahesabu siku, na unahesabu Jumapili na sikukuu pamoja, isipokuwa wenyewe useme vingine.

Tarehe 2 Machi, siku moja kabla ya mlango kufungwa, mama huyu alilipa shilingi 40,000. Kwenye daftari akaandika: Machi. Kwake yeye Februari ilikuwa imeshapita, deni dogo atakaloliona baadaye, na sasa alikuwa amerudi kwenye mstari.

Kampuni haikuandika Machi, iliandika Februari. Fedha inayoingia hulipa kwanza ada kongwe zaidi iliyo wazi, kama mwenye duka anavyofuta deni la zamani kabla ya kukupa mkopo mpya. Bima iliokoka kwa siku moja, lakini ada ya Machi, iliyoiva siku moja kabla ya malipo hayo, sasa ndiyo iliyokuwa wazi, na siku zake za neema zilikuwa zinakimbia kuelekea tarehe 31 Machi.

Mwaka huo Idi el-Fitri ilikuwa mwishoni mwa Machi, na fundi cherehani hupata fedha kabla ya Idi. Tarehe 30 Machi alilipa tena 40,000, akaandika kwenye daftari: Aprili. Aliona amewahi, maana tarehe 1 haijafika. Kampuni ikaandika Machi. Tena ilikuwa imebaki siku moja tu.

Ada ya Aprili iliiva tarehe 1 Aprili. Hesabu siku thelathini kuanzia tarehe 2, utafika tarehe 1 Mei, Mei Mosi. Baada ya Idi kazi ya kushona hulala. Aliendelea na maisha yake bila wasiwasi, kwa sababu daftari lilimwambia Aprili imeshalipwa. Tarehe 2 Mei, asubuhi baada ya sikukuu, akalipa shilingi 40,000 na kuandika: Mei, nimechelewa siku moja.

Siku moja ndiyo hiyohiyo. Mei Mosi ilipoisha usiku, siku za neema za Aprili ziliisha nazo. Malipo ya tarehe 2 yaliifikia bima siku ya thelathini na moja, nayo haikuwa hai tena. Kwa daftari lake mama huyu alikuwa na deni la mwezi mmoja tu, Februari, na tangu hapo hajakosa. Kwa kitabu cha kampuni alikuwa mtu anayeishi ukingoni tangu Machi, na kila malipo yake yalikuwa ya kuokoa mwezi uliopita.

Hili ni jambo ambalo ningependa kila mwenye bima ya ada ya kila mwezi alishike. Siku za neema zina urefu unaokaribia mwezi wenyewe. Ukiruka malipo mara moja na kuendelea kulipa mwezi hadi mwezi bila kuziba lile pengo, hurudi kwenye mstari kamwe. Unahamia ndani ya siku za neema na kukaa humo. Bima inafanya kazi, hakuna anayekusumbua sana, lakini ile nafasi iliyowekwa kwa ajili ya dharura umeshaitumia yote. Siku ya homa, ya msiba au ya simu kupotea, huna hata siku moja ya akiba.

Tofauti kati ya ndani na nje ya siku hizo ni kubwa. Mama huyu angefariki tarehe 28 Aprili, ada ya Aprili ikiwa haijalipwa, familia yake ingestahili mafao. Kampuni ingekata ile ada inayodaiwa na kulipa shilingi 11,960,000. Iko mikataba inayokata ada zote zilizobaki za mwaka huo wa bima, lakini hata hapo kinachokatwa ni kidogo mbele ya kinacholipwa. Jamaa wa marehemu wasikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa mwezi haukulipwa hakuna kitu, mpaka wahesabu wenyewe tarehe. Angefariki tarehe 2 Mei, kabla hata ya kushika simu alipe, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Kama bima ni ya kifo peke yake, isiyo na akiba ndani yake, ikikoma imekoma bila chochote cha kurudishwa. Kama ni ile yenye akiba, na imelipiwa miaka ya kutosha, kwa kawaida miwili au mitatu kwa mujibu wa mkataba, inakuwa na thamani yake yenyewe. Baadhi ya mikataba hutumia thamani hiyo kulipa ada iliyokosekana, kama mkopo unaojichukulia mwenyewe kwenye akiba yako, na bima ikaendelea mpaka akiba iishe. Mingine huipunguza bima ikawa ndogo, isiyohitaji ada tena. Ndiyo maana mtu aliyelipa miaka mingi asitupe karatasi zake kwa kusikia tu kwamba bima imekufa.

Turudi kwenye zile shilingi 40,000 za tarehe 2 Mei. Simu ilileta ujumbe kwamba muamala umekamilika. Ujumbe huo una ukweli wake, lakini ni ukweli wa mtandao wa simu: fedha imetoka kwako na imefika kwenye akaunti ya kampuni. Hausemi chochote kuhusu bima. Kampuni ikipokea fedha ya bima iliyokoma, mara nyingi huiweka pembeni ikisubiri mwenyewe ajaze fomu au arudishiwe. Hali kama hiyo humpata pia aliyekosea tarakimu moja ya namba ya kumbukumbu. Fedha yake ipo kwenye kampuni, lakini haina jina, na siku za neema zinaendelea kuhesabiwa.

Wafanyakazi wanaokatwa kwenye mshahara wana mtego wao. Ukibadilisha mwajiri, makato hayakufuati, na hakuna anayekatwa akaligundua hilo kwa kutokatwa. Hati ya mshahara ya kazi mpya inakuja nono kidogo, mtu anafurahi, na siku thelathini zinaisha kimya kimya.

Kwa gari nitasema kifupi, kwa sababu watu huchanganya. Bima ya gari haina siku za neema. Ni mkataba wa muda uliotajwa, na tarehe iliyoandikwa kwenye hati ikipita, umekwisha. Kinachofuata si malipo yaliyochelewa, ni mkataba mpya unaoanza siku utakapolipa. Anayeendesha akitumaini siku thelathini anaendesha bila bima.

Mama wa Morogoro aligundua kwa bahati. Katikati ya wiki iliyofuata wakala wake alipita dukani kwake kushonesha suruali.

"Mama, mbona kwenye mfumo bima yako inaonekana imekoma?"

"Imekoma vipi, mwanangu? Nimelipa juzi tu, na daftari hili hapa."

Wakala akalitazama daftari, kisha akamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuliuliza: ada yako imelipwa mpaka tarehe ngapi? Kila bima ina tarehe hiyo katika kumbukumbu za kampuni, na ndiyo inayoamua mambo yote. Ukipiga simu ukauliza kama malipo yako yamefika, utajibiwa yamefika, na utakata simu ukiwa na amani ya bure. Ukiuliza imelipwa mpaka lini, utajibiwa tarehe. Ya kwake ilikuwa mwisho wa Machi.

Bima iliyokoma inaweza kuhuishwa, na mikataba hutaja muda ambao mlango huo unabaki wazi. Anatakiwa alipe ada zote zilizokosekana, pengine na riba, na ajaze tamko la afya. Tamko hilo ndilo zito. Aliponunua bima miaka minne nyuma hakuwa na shinikizo la damu, sasa anameza vidonge. Alazimike kuandika hivyo, kwa sababu akificha, kampuni itakuwa na haki ya kukataa madai baadaye. Baada ya kusoma, kampuni inaweza kukubali, kuongeza ada, au kukataa. Na ikikubali, vile vipindi vya kungoja vilivyokwisha zamani, pamoja na muda ambao kampuni inaruhusiwa kuhoji majibu ya fomu, mara nyingi huanza upya.

Alijaza fomu na kuambatisha cheti cha kliniki. Ada za Aprili na Mei zilikamilishwa, na tarehe 14 Mei barua ikaja kwamba bima imehuishwa kuanzia siku hiyo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari akafuta majina ya miezi aliyoyaandika na kuyaandika upya, malipo ya Machi yakawa Februari, ya Idi yakawa Machi. Chini yake akaandika tarehe 2 mpaka 13 Mei, siku kumi na mbili alizozilipia ada kamili, ambazo hakuwa na bima.