Hisabati kwa Lugha ya Nyumbani (3): Namba Isiyopungua

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, lawama za hisabati huwaangukia walimu na watahiniwa. Lugha ya mtihani husahaulika, ingawa mjadala wake ni wa zamani.

Mwaka 1967 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mtoto akajumlisha, akagawanya na kutafuta eneo kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila kitu kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza ukuta huo ubomolewe: sekondari ianze kutumia Kiswahili mwaka 1985, na chuo kikuu mwaka 1992. Miaka miwili baada ya pendekezo hilo watafiti wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta wengi hawakiwezi kiasi cha kusomea. Hata hivyo walishauri Kiingereza kibaki na kiimarishwe, na serikali ikakibakiza. Huo ulikuwa uamuzi mbaya, na wanaoulipia ni watoto ambao hawakuulizwa.

Wakati sera ikisubiriwa, mzazi anaweza kuanzia mezani. Tuseme swali la Kiingereza linasema mama lishe lazima auze maandazi yasiyopungua 40 ili asipate hasara, na tayari ameuza 25. Auze mengine mangapi? Kwa Kiingereza, kauli ya "yasiyopungua" ina neno ambalo mtoto amelizoea kwa maana ya "kidogo kabisa". Basi huikimbilia alama ya udogo na kuandika x + 25 ≤ 40.

Mzazi asisahihishe alama kwanza. Amwambie mtoto asimulie swali kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndiyo lugha ya nyumbani, kisha ajaribu namba. Akiuza 14 zaidi, jumla ni 39: hasara. Akiuza 15, jumla ni 40: amenusurika. Akiuza 16, ni 41, bado salama. Sasa mtoto mwenyewe ataona kwamba jibu ni 15 na kuendelea, ndipo aandike x + 25 ≥ 40, yaani x ≥ 15.

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi: kurudi kwenye sentensi ya Kiingereza na kupigia mstari maneno yaliyobeba "yasiyopungua", kwa sababu mtihani hautamsimulia kwa Kiswahili.

Zoezi hili pia humwonyesha mzazi tatizo liko wapi. Mtoto akipata jibu kwa Kiswahili na kulikosa kwa Kiingereza, kilichomshinda ni lugha. Akilikosa kote kuwili, maelezo ya Kiswahili pekee hayatamfaa. Arudishwe kwenye kujumlisha na kulinganisha namba.

Wizara nayo isingoje wazazi wafanye kazi yake. Pendekezo la 1982 lifufuliwe, na hisabati iwe somo la kwanza kuvushwa.