Kupakia Upya au Kuwasha Upya? Maswali na Majibu Kuhusu Seva ya Tovuti

Kwa miaka mingi, vyeti vya usalama vya Let's Encrypt vimekuwa vikitolewa kwa muda wa siku 90. Kabla muda huo haujaisha, cheti kipya huletwa na kuwekwa kwenye diski ya seva. Lakini Nginx, programu inayohudumia tovuti nyingi duniani, huendelea kuonyesha cheti ilichokisoma ilipowashwa hadi iamriwe vinginevyo. Msimamizi wa seva ya Linux huwa na amri mbili mkononi:

```
sudo systemctl reload nginx
sudo systemctl restart nginx
```

Zote mbili zitaleta cheti kipya. Tofauti wataiona wale ambao dakika hiyo wako katikati ya kulipa au kupakua faili.

Kupakia upya hufanya nini hasa?

Nginx ina mchakato mkuu mmoja na vibarua wake. Mkuu husoma usanidi. Vibarua ndio wanaopokea wageni. Amri ya `reload` humfikia mkuu kama ishara iitwayo `HUP`. Naye husoma usanidi upya, na akiuona uko sawa, huanzisha vibarua wapya, kisha huwaambia wa zamani waache kupokea wageni wapya. Wa zamani humaliza maombi waliyokwisha kuyaanza, ndipo wanapoondoka. Mlango wa seva haufungwi hata kidogo.

Amri ya `restart` huzima kila kitu kwanza, ndipo iwashe. Mtu aliyekuwa akipakua faili kubwa anaweza kukatikiwa, na anayefika katika pengo hilo hukataliwa.

Na usanidi ukiwa na kosa?

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kabisa. Tuseme msimamizi amesahau nukta-mkato moja. Akipakia upya, mkuu huukataa usanidi huo na vibarua wa zamani huendelea na kazi kwa usanidi wa awali. Akiwasha upya, Nginx huzimika, kisha inashindwa kuwaka kwa sababu ya kosa lile lile, na tovuti hubaki chini hadi nukta-mkato irudishwe. Ndiyo maana kila badiliko hutanguliwa na kipimo hiki:

```
sudo nginx -t
```

Upole wa kupakia upya una mtego wake. Katika baadhi ya vifurushi vya Nginx, `reload` hutuma tu ishara na kuripoti kwamba mambo ni shwari, hata kama usanidi umekataliwa. Tovuti inafanya kazi, lakini kwa usanidi wa zamani. Kosa huonekana kwenye faili la kumbukumbu, kwa kawaida `/var/log/nginx/error.log`. Kwa cheti, uthibitisho mzuri ni kufungua tovuti kwenye kivinjari na kuangalia tarehe yake ya mwisho.

Ni lini kupakia upya hakutoshi?

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa Heartbleed, kasoro ya maktaba ya OpenSSL iliyomwezesha mshambuliaji kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi. Toleo la 1.0.1g lilileta tiba. Lakini kusakinisha toleo hilo hubadilisha faili lililo kwenye diski tu. Mkuu wa Nginx anayeendelea kufanya kazi bado ameishikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu, na kila kibarua anayezaliwa kwake huirithi. Msimamizi angeweza kupakia upya mara kumi na kasoro ikabaki pale pale. Ilihitajika kuwasha upya.

Kwa hiyo, cheti, anwani au kanuni za usanidi zikibadilika, kupakia upya kunatosha. Programu yenyewe au maktaba zake zikibadilika, mkuu mpya anahitajika. Kwenye Debian na Ubuntu, chombo kiitwacho `needrestart` hutaja huduma ambazo bado zinatumia maktaba za zamani.

Je, kupakia upya ni salama wakati wote?

Tovuti zenye miunganisho ya muda mrefu, kama zile za gumzo, zina tatizo lao. Kibarua wa zamani hawezi kuondoka hadi mgeni wake wa mwisho aondoke, na hilo laweza kuchukua saa nyingi. Mtu akipakia upya mara kwa mara, vibarua wa zamani hurundikana na kula kumbukumbu. Amri `ps` huwaonyesha kwa maneno haya:

```
nginx: worker process is shutting down
```

Kipengele `worker_shutdown_timeout` huwawekea ukomo. Muda ukiisha, Nginx hufunga miunganisho iliyosalia.

Na inapolazimu kuwasha upya?

Penye seva mbili nyuma ya kigawa-mzigo, moja huondolewa kwenye zamu, huachwa imalize wageni wake, huwashwa upya na kupimwa, kisha hurudishwa kabla ya kuigusa ya pili. Penye seva moja tu, `nginx -t` hutangulia, na kazi hufanywa saa ambayo kumbukumbu za tovuti zinaonyesha wageni ni wachache.