Figo mpya na tansio

Mama zetu, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Aliyepewa figo hunywa takrolimusi kila siku ili mwili usiikatae. Lakini dawa hiyo hubana mishipa ya damu na kuifanya figo ishike chumvi, ndiyo maana tansio hupanda. Sisi tunaomuuguza nyumbani tusimwambie aiache: figo itakufa. Daktari mara nyingi humwongezea amlodipini, inayolegeza mishipa. Verapamili nayo hushusha tansio, ila huzidisha takrolimusi ndani ya damu, na ikizidi huumiza figo ileile.

Siku ya kupima takrolimusi, atolewe damu kwanza, ndipo anywe kidonge chake cha asubuhi. Akitangulia kunywa, kipimo kitadanganya, na daktari anaweza kupunguza dawa bila sababu.